Ninunue IST au nipaue nyumba?

*Shangazi, shikamoo. Nina miaka 34, naishi Mbezi Makabe na nafanya kazi Posta. Mume wangu yuko Kahama kikazi, hurudi kila baada ya miezi miwili. Nyumbani niko na watoto wawili, dada wa kazi na mama mkwe ambaye ana kisukari. Watoto wanachukuliwa na basi la shule. Mimi natoka nyumbani saa 11 alfajiri: bodaboda hadi Mbezi Mwisho, daladala hadi Kimara, kisha mwendokasi hadi Kivukoni. Kwa siku natumia Sh 6,000 kwenda na kurudi. Nikichelewa kutoka kazini au mvua ikinyesha naita bajaji au gari kwa simu, na hiyo hunila kama Sh 100,000 kwa mwezi.*

*Nimeweka akiba ya Sh milioni 11. Kuna yadi wana IST namba E, wanaiuza Sh milioni 16. SACCOS ya ofisini iko tayari kunikopesha milioni 5 zilizobaki, makato yawe Sh 247,000 kwa mwezi kwa miezi 24. Mshahara wangu mkononi ni Sh 1,450,000. Mume anasema ninunue. Wifi yangu anasema ni aibu mama yake kupelekwa kliniki kwa bajaji. Lakini tuna boma letu Kibamba, mita mia chache kutoka barabara kuu, limesimama bila paa mwaka wa tatu huku tunalipa kodi ya Sh 250,000 kila mwezi.*

*Kinachoninyima usingizi ni usiku mmoja wa mwezi uliopita. Sukari ya mama ilishuka saa 8 usiku. Niliita gari kwa simu, madereva watatu walipokea kisha wakakataa walipojua ni Makabe. Tuliokolewa na jirani mwenye pikapu, baada ya karibu saa nzima. Tangu siku hiyo najiona mzembe kwa kutokuwa na gari. Ila nakiri, hata udereva sijajifunza. Fomu ya mkopo inatakiwa Ijumaa. Nifanye nini?*

*Mama Wawili, Makabe*

Marahaba, mwanangu. Pole kwa usiku ule, na pole kwa mama.

Naanza na usiku huo kwa sababu ndio ulioandika barua hii. Hesabu za nauli ulikuwa unaziishi miaka yote bila kukosa usingizi. Sasa jiulize swali moja gumu: kama IST ingekuwa imeegeshwa uwanjani saa 8 usiku ule, nani angeiendesha? Wewe huna leseni, mume yuko Kahama, dada wa kazi hajui. Ungeenda kumgongea jirani yuleyule. Hata ukishapata leseni, utakuwa dereva mgeni, usiku, kwenye barabara ya vumbi, na mgonjwa anayechanganyikiwa kiti cha nyuma asiye na mtu wa kumshika. Gari peke yake halijibu hofu yako. Hofu hiyo ina majibu yake, tena ya bei ndogo, na yanaweza kuanza wiki hii.

La kwanza wala si usafiri. Mgonjwa wa kisukari ambaye sukari imeshuka, anatetemeka, anatokwa jasho na maneno yanaanza kupotea, maadamu bado anaweza kumeza anatakiwa apewe kitu chenye sukari papo hapo: soda ya kawaida, juisi, au vijiko kadhaa vya sukari vilivyokorogwa kwenye maji. Hapo husubiri gari, la kwako wala la mtu. Akiwa amepoteza fahamu, usimtie kitu mdomoni, maana kinaweza kuingia kwenye njia ya hewa. Huyo ni wa kukimbizwa hospitali mara moja. Siku ya kliniki mwombe muuguzi akuelekeze wewe na dada wa kazi pamoja, mbele ya mama, na mjue ni dawa ipi inayomshusha hivyo.

La pili ni dereva anayelala Makabe. Nataka uelewe kwa nini wale watatu walikataa, ili usiendelee kuwategemea kwa jambo ambalo hawawezi kukupa. Dereva wa gari la kuita kwa simu hukaa usiku mahali penye abiria: Sinza, Mikocheni, Masaki, karibu na baa na mahoteli. Akija Makabe kukuchukua anapanda mlima wa vumbi akiwa mtupu, kwa nauli iliyokwisha pangwa na mfumo. Kampuni inachukua sehemu yake kwenye nauli, mafuta ya kuja ni yake mwenyewe. Ndiyo maana anakupigia kwanza, "Unaelekea wapi? Unalipa keshi?", halafu anaghairi. Mchana, kutoka Posta, huduma hiyo ni nzuri na utaendelea kuitumia. Usiku wa manane pembezoni mwa jiji haikutengenezwa kwa ajili yako. Na hata mchana ujue si yako: Aprili 2022 Uber walisitisha huduma zao nchini baada ya kutokubaliana na viwango vilivyowekwa na LATRA, wakarejea mwanzoni mwa 2023. Waliokuwa wameegemeza maisha yao yote juu yake walilazimika kujipanga upya kwa muda mfupi sana.

Kwa hiyo nenda kwa yule jirani mwenye pikapu, ukiwa na asante yako mkononi, ukae naye mpatane. Mwambie utampa Sh 30,000 kila mwezi ili simu yake iwe wazi usiku, na safari yenyewe utailipia mbali kwa bei mtakayoiandika kabisa. Tafuta pia kijana mmoja wa bajaji anayelala mtaa huohuo awe wa akiba. Namba zao ziwe kwenye simu yako, ya dada wa kazi na ya mama, na ziandikwe ukutani kwa kalamu nene, kwa kuwa simu huishiwa chaji. Kisha uwajaribu: siku moja piga saa 5 usiku uone nani anapokea na baada ya dakika ngapi yuko mlangoni. Ukiona wa kwanza hapokei, badilisha mtu kabla hujamhitaji.

Baada ya kulitenga jambo la usiku, sasa gari tulitazame kama gari.

Watu wengi wakipiga hesabu ya gari huweka bei ya kununulia na mafuta, wakaishia hapo. Twende na IST yako taratibu. Kutoka Makabe hadi Posta ni kama kilomita 25, kwa hiyo kwenda na kurudi siku 22 za kazi ni kilomita 1,100. Ongeza 300 za wikendi, zinakuwa 1,400. IST ya injini ya 1,500 ikiwa nzima, kwenye foleni zetu tuseme inakwenda kilomita 11 kwa lita. Hizo ni lita 127. Bei ya petroli hutangazwa na EWURA Jumatano ya kwanza ya kila mwezi. Kwa urahisi tuweke Sh 3,000, nawe utairekebisha kwa bei ya mwezi wako. Mafuta peke yake yanakaribia Sh 380,000. Maegesho Posta, hata ukipata uwanja wa binafsi wa Sh 3,000 kwa siku, ni Sh 66,000.

Bima inakuja mara moja kwa mwaka na ndiyo maana watu huisahau. Bima ndogo ni ya lazima kisheria, lakini hiyo humlipa uliyemgonga, gari lako haligusi. Mtu aliyenunua kwa mkopo akiwa dereva mgeni anahitaji bima kubwa, ambayo kwa gari binafsi huanzia asilimia 3.5 ya thamani ya gari, na juu yake VAT ya asilimia 18. Kwa gari la milioni 16 hiyo ni kama Sh 660,000 kwa mwaka, yaani Sh 55,000 kila mwezi. Matengenezo nayo yana mwendo wake: oili na chujio kila kilomita 5,000, kwako itakuwa kila baada ya miezi mitatu na nusu hivi, matairi manne kila baada ya miaka miwili, na barabara ya Makabe itakula shokapu, bushi na boljointi mapema kuliko lami ingekula. Weka Sh 120,000 kwa mwezi, kwa wastani. Miezi mingine utatoa 20,000, mwezi mmoja utatoa 400,000, na huo mwezi wa 400,000 hautachagua siku ya mshahara.

Kuna gharama moja zaidi ambayo hakuna anayekutumia risiti yake, nayo ni kushuka thamani. Toyota ndogo zinashikilia bei vizuri hapa kwetu, lakini hata hizo zinashuka. Tuseme baada ya miaka mitatu utaiuza milioni 11 na nusu. Milioni 4 na nusu zimeyeyuka, sawa na Sh 125,000 kila mwezi. Na SACCOS watakuwa wamekukata jumla ya Sh 5,928,000 kwa mkopo wa milioni 5. Ile ziada, ukiigawa kwa miezi 24, ni kama Sh 39,000.

Jumla yake ni Sh 785,000 kwa mwezi, na sijaweka faini hata moja wala sijalipia kuoshwa kwa gari.

Upande wa pili una Sh 132,000 za kwenda kazini kila siku na Sh 100,000 za bajaji na magari ya kuita. Mimi nakuongezea Sh 30,000 za jirani wa usiku, na siku moja ya gari la kukodi pamoja na dereva kwa ajili ya kliniki. Kukodi IST na dereva kutwa nzima tuweke Sh 80,000 na mafuta Sh 40,000, ingawa utapatana na kuuliza watu wawili watatu. Jumla Sh 382,000. Tofauti ya njia hizi mbili ni zaidi ya Sh 400,000 kila mwezi, na kwa mwaka inakaribia milioni 5.

Kuna jambo jingine linalonitisha zaidi kuliko tofauti hiyo. Katika miezi 24 ya mkopo, fedha zitakazotoka mkononi mwako kwa hakika ni makato ya Sh 247,000, pamoja na mafuta, maegesho, bima na matengenezo. Ni Sh 868,000. Katika kila Sh 10,000 za mshahara wako, karibu Sh 6,000 zinaingia kwenye gari. Ukitoa na kodi ya nyumba, unabakiwa na Sh 332,000 za kulisha watu watano, ada, dawa za mama na umeme. Najua mume anatuma chochote, lakini hukuniandikia kiasi, na mara nyingi asiyeandika kiasi huwa hana uhakika nacho. Gari la namna hiyo mwisho wake unajulikana mtaani: linaegeshwa tarehe 15 kwa kukosa mafuta, mwenyewe anarudi kwenye daladala, na makato yanaendelea.

Hapo ndipo penye hesabu ambayo nataka uibebe hata kama mengine yote utayasahau. IST hiyo ikisimama tu uwanjani, haijawashwa, bado itakula bima, kushuka thamani, riba, na betri na matairi yanayozeeka kwa kukaa. Si chini ya Sh 260,000 kwa mwezi. Kwa kukodi, fedha hizo ni siku tatu za gari na dereva. Kwa hiyo mtu anayehitaji gari siku moja au mbili kwa mwezi ananufaika akikodi. Akifika siku nne au tano kila mwezi, na anajua kuendesha, ndipo gari la kwake linaanza kujitetea. Chukua daftari, kwa miezi mitatu andika kila siku uliyosema kwa dhati "leo nilihitaji gari", na sababu yake. Siku ya mvua ambayo bajaji ilitosha usiiandike. Siku ya kliniki iandike.

Na ukikodi, kuna jambo la kuangalia kabla hujatoa fedha. Magari mengi yanayokodishwa mitaani yana bima ya matumizi binafsi, na mwenye bima hiyo akipata ajali akiwa anafanya biashara, kampuni ya bima inaweza kukataa kulipa. Omba namba ya gari mapema, uihakiki kwenye mfumo wa TIRA, na umuulize mwenye gari waziwazi kama bima yake ni ya kukodisha. Mkubaliane kwa maandishi nani analipa mafuta, gari linarudi saa ngapi, na likiharibika njiani nani anamlipa fundi. Siku hiyo ya kliniki uitumie yote: mama aende Muhimbili asubuhi, mkitoka mpite sokoni Mabibo mchukue mahitaji ya mwezi. Wifi yako ataona mama yake amekaa kiti cha nyuma akiwa na dereva. Sidhani kama kuna aibu ndani yake.

Nije kwenye muda, kwani nahisi ndiyo ndoto yenyewe: kulala hadi saa 12 na kufika kazini bila kubanwa. Sikudharau. Kupanda mwendokasi Kimara asubuhi ni kusukumana, ni mikono ya watu usiowajua, ni simu kuibwa, na mwanamke anayelipitia hilo kila siku ana haki ya kutaka kuondoka. Lakini tazama barabara yenyewe. Kutoka Kibaha hadi Kimara Morogoro Road imepanuliwa, ina njia nane, na magari yanakimbia. Pale Kimara upana huo unakwisha. Njia za katikati ni za mwendokasi, na magari yote mengine yanabanwa kwenye njia mbili kila upande, kuelekea Ubungo, Manzese na Magomeni. Wewe ukiwa na IST utakuwa kwenye hizo mbili, ukilitazama basi likipita pembeni yako. Muda wako leo unapotea kwenye foleni ya kupanda Kimara. Ukinunua gari utapotea kati ya Kimara na Magomeni. Faida ya kweli ya gari iko jioni na wakati wa mvua, pale unapochoka na giza limeingia, na hizo ni siku ambazo tayari unazilipia.

Usiniamini mimi kwa hilo. Kodi gari na dereva Jumatatu moja na Ijumaa moja, toka nyumbani saa uliyoiota, rudi jioni kama kawaida, andika ulifika saa ngapi. Itakugharimu kama Sh 240,000, nawe utakuwa umejua jambo ambalo wengi hulijua baada ya kutoa milioni 16.

Sasa boma la Kibamba. Katika barua yako umelitaja kwa sentensi moja tu, na mimi nalirudia kwa sababu ndilo linaloamua mambo mengine. Gari unalolihitaji linategemea unaishi wapi. Ukiwa Makabe, safari yako inaanza na bodaboda kwenye vumbi. Ukihamia Kibamba, mita mia chache kutoka barabara kuu, bodaboda inaondoka kabisa: unatembea hadi kituoni. Gari la kuita usiku litakubali kuja kwa urahisi zaidi kwa sababu ni lami. Nawe unaacha kulipa kodi ya Sh 250,000, ambazo kwa mwaka ni milioni 3. Akiba ya milioni 11 ukiiweka kwenye IST inaanza kushuka siku unayoitoa yadi. Ukiiweka kwenye paa, inazuia ukuta uliokwisha jengwa usiendelee kuloa mvua mwaka wa nne. Huenda haitatosha kumaliza yote, lakini kupaua na kuweka milango na madirisha ya vyumba viwili inawezekana, na watu wengi wa Kibamba wamehamia nyumba zao hivyo, wakaimaliza wakiwa ndani.

Yapo mambo ambayo yangenibadilisha. Kama basi la shule lingeondoka na wewe ukawa unawapeleka watoto wote wawili, gari moja lingebeba nauli za watu watatu na hesabu ingegeuka. Kama ungehamishiwa ofisi isiyo kwenye njia ya mwendokasi, mathalani Bunju, ningesema tukae tena. Kama hali ya mama itafika kliniki za kila wiki, vilevile. Na kama mume atarudi Dar moja kwa moja, dereva wa usiku atakuwa amepatikana ndani ya nyumba. Hapo, ukiwa na leseni, nunua kwa fedha taslimu gari la bei ya chini, bila mkopo.

Siku hiyo ikifika, usivutwe na herufi ya namba. "Namba E" inakuambia gari limesajiliwa lini Tanzania, haikuambii limetengenezwa lini. IST za umbo la kwanza zilitengenezwa kati ya 2002 na 2007, na nyingine zimeingia nchini zikiwa na miaka kumi na tano na zaidi, zikapewa namba mpya. Namba D iliyotunzwa na mtu mmoja inaweza kuwa bora kuliko namba E iliyotoka melini jana. Na anayekuonyesha bei ndogo ya Japani kwenye simu, muulize kodi: TRA hutumia makadirio yake ya thamani, na gari lililozidi miaka 10 hutozwa ushuru wa ziada wa asilimia 30 kwa uchakavu wake, juu ya kodi nyingine. Mpeleke fundi wako mwenyewe, asiye rafiki wa muuzaji.

Huna sababu ya kugombana na mume. Mtumie hizi hesabu kwenye karatasi, mbili kwa pamoja, umuulize atachangia kiasi gani kila mwezi kwenye ile Sh 868,000. Mwanaume anayesema "nunua" akiwa Kahama anaweza kuwa anasema kwa mapenzi, akitaka mke wake asisukumwe Kimara. Mpe namba aone mapenzi hayo yanagharimu nini na yanasogeza mbele nyumba yake kwa miaka mingapi. Kwa wifi usijibu neno. Mwalike siku ya kliniki apande nanyi, na amshike mama mkono.

Na anza darasa la udereva sasa hivi, hata bila gari. Leseni haishuki thamani, na siku jirani wa pikapu akiwa mgonjwa, funguo zake zinaweza kukufaa.

Hukumu yangu ni hii: usinunue mwaka huu. Fomu ya SACCOS irudishe Ijumaa bila saini, na kama yadi wameanza kukuomba fedha ya kushikia gari, usitoe. Jumamosi nenda Kibamba na fundi wa paa akupimie kenchi, mbao na bati, na ukitoka huko pitia kwa jirani wa pikapu mkaandikiane kabla jua halijazama.